Wafuasi 406 kwenye skrini, 360 mkononi: kisa cha video moja ya Kondele

Fundi ninayemhudumia ana banda la kutengeneza boda pale Kondele, Kisumu, na chaneli ya YouTube inayofundisha kazi hiyo kwa Kiswahili. Yeye hurekodi kwa simu, mimi nahariri na kushika hesabu. Kila Alhamisi jioni tunapakia video moja: kusafisha kabureta, kubadilisha oili, kurekebisha klachi. Hadi mwezi wa saba tulikuwa na wafuasi 4,310, na chaneli ilikwenda kwa mwendo wa kobe, lakini ilikwenda.

Jumamosi moja mashabiki wa Gor Mahia walipita mbele ya banda kwa msafara wa pikipiki, jezi za kijani, honi, vuvuzela, mtu amesimama juu ya tangi. Fundi akashika simu. Dakika 4, hakuna mafunzo yoyote ndani yake, ni shangwe tupu. Jumapili saa moja asubuhi akaipakia mwenyewe bila kuniuliza. Baada ya wiki nne ilikuwa imetazamwa mara 61,000. Video zetu za kawaida hupata chini ya 2,000 kwa muda huo.

Ukurasa wa takwimu wa video hiyo ulisema hivi: `Subscribers gained` 430, `Subscribers lost` 24. Yaani faida ya 406. Fundi alinitumia picha ya skrini na neno moja: "Omera!"

Wiki hiyo hiyo aliyonitumia picha, alikuwa pia anataka kufuta video nyingine. Ile ya kubadilisha cheni na sproketi, iliyotoka Alhamisi baada ya msafara, ilionyesha walioingia 19 na waliotoka 31. Hasara ya 12. Kwake hesabu ilikuwa wazi: msafara unaleta watu, cheni inafukuza watu, basi tufanye misafara. Nilimwomba anipe jioni mbili kabla hajafuta chochote.

Kwanza ni kujua namba hizi zinahesabu nini. Kwenye simu utaona namba moja tu ya jumla, ambayo tayari imetoa waliotoka kwenye walioingia. Ili uzione mbili zikiwa mbalimbali, ingia YouTube Studio kwa kompyuta, fungua video yenyewe, bonyeza `Analytics`, kisha `See more`, halafu uchague vipimo hivyo viwili kwenye orodha ya vipimo. Unaweza kuipakua kama faili ya hesabu, tarehe kwa tarehe.

Unapoangalia video moja, namba hizo zinahesabu tu mtu aliyebonyeza kusabskraibu, au kujitoa, akiwa kwenye ukurasa wa video hiyo. Aliyetazama msafara, akagusa jina la chaneli, akaingia ukurasa wetu mkuu na kusabskraibu huko, hahesabiwi kwa msafara. Aliyesabskraibu kwa sababu ya msafara kisha akajitoa Alhamisi akiwa kwenye video ya cheni, kutoka kwake kunaandikwa kwenye daftari la cheni. Na aliyejitoa kupitia orodha ya chaneli anazofuata, bila kufungua video yoyote, haandikwi kwa video yoyote ile. Anaonekana tu kwenye hesabu ya chaneli nzima.

Kwa hiyo namba ya video moja ni risiti ya mlango mmoja. Nyumba ina milango mingine, na kwetu sisi msongamano ulikuwa huko.

Kabla ya kufika huko, nilikwazwa na jambo dogo lililonipotezea karibu saa nzima. Faili lilionyesha msafara ulileta wafuasi 31 siku ya Jumamosi. Fundi aliupakia Jumapili. Nilidhani amechanganya siku, naye akaapa kwamba alipakia Jumapili akitoka kununua maziwa. Kumbe YouTube inahesabu siku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Usiku wa manane wa kule, wakati wao wa kiangazi, ni saa nne asubuhi kwetu; kuanzia Novemba hadi katikati ya Machi ni saa tano. Jumapili saa moja asubuhi Kisumu ilikuwa bado Jumamosi usiku kule. Ukilinganisha siku ya kwanza ya video iliyopakiwa asubuhi na mapema na ile iliyopakiwa jioni, unalinganisha saa tatu na saa kumi na tano. Video zetu za Alhamisi hutoka saa moja jioni, hivyo zinaangukia tarehe moja bila shida, na ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo hili.

Pia, takwimu hizi huchelewa kwa takriban siku mbili. Ukitazama Jumatatu jioni ukaona sifuri, subiri Jumatano.

Kipimo cha kabla

Nilichukua siku 28 kabla ya msafara, chaneli nzima, milango yote. Walioingia 252, waliotoka 56. Kwa siku, wanaingia 9 na kutoka 2. Nikarudi siku 28 za nyuma zaidi kuhakikisha kwamba hazikuwa za ajabu, nikakuta mwendo ni ule ule. Hapo ndipo nilipokubali kuzitumia kama kipimo. Ungekuta kipindi cha kabla kina video nyingine iliyovuma, kingekuwa kipimo kibovu, ungelazimika kurudi nyuma zaidi.

Nilichagua siku 28 kwa sababu zina Alhamisi nne kamili. Ukichukua 30, unaweza kuongeza au kupoteza siku ya kupakia, na kwa chaneli ndogo siku moja ya kupakia inabadilisha picha nzima.

Siku 28 za baada ya msafara, chaneli nzima: walioingia 763, waliotoka 217.

Toa kipimo cha kabla. Walioingia zaidi ya kawaida ni 511. Waliotoka zaidi ya kawaida ni 161.

Linganisha sasa na risiti ya video. Msafara ulisema 430 wameingia. Chaneli inasema ongezeko ni 511. Wengine 81 walipitia wapi? Kuna ripoti inayoitwa `Subscription source`, inaonyesha mtu alikuwa wapi alipobonyeza. Wengi wa hao walitoka ukurasa mkuu wa chaneli, ambao siku za kawaida hutupa watu wachache sana. Wengine walitazama msafara, wakaendelea na video ya zamani ya kabureta na kusabskraibu pale. Siwezi kuapa kwamba kila mmoja wa hao 81 aliletwa na msafara. Ila hakukuwa na kitu kingine kipya mwezi ule, na waliongezeka siku zile zile msafara ulipokuwa unapaa.

Upande wa kutoka ndiko kulikonishtua. Video inakiri watu 24. Chaneli imepoteza 161 zaidi ya kawaida. Nilianza kwa kuondoa wasiohusika: Jumanne moja kulikuwa na mruko wa watu 14 waliotoka kwa mpigo, na ripoti ile ile ya vyanzo ikawaweka chini ya `Closed accounts`. Hizo ni akaunti zilizofungwa na wenyewe au na YouTube. Hawakukasirishwa na video yoyote, na hawawezi kuhesabiwa kama deni la msafara. Wakabaki 147, na 123 kati yao hawamo kwenye risiti ya msafara.

Alhamisi

Nilipanga waliotoka kwa tarehe. Haikuhitaji mchoro. Jumapili hadi Jumatano, watu wanne au watano kwa siku. Alhamisi ya kwanza baada ya msafara, 38. Kisha kimya kidogo. Alhamisi ya pili, 27. Ya tatu, 19. Ya nne, 11. Kabla ya msafara, Alhamisi ya kawaida ilikuwa na 3.

Watu hawakutoka kwa kutazama msafara. Walitoka pale tulipowaletea kitu kingine. Shabiki wa Gor aliyesabskraibu akitarajia shangwe nyingine, Alhamisi jioni anaona kwenye simu yake fundi mwenye mikono ya grisi akieleza kuhesabu meno ya sproketi. Simlaumu. Kila wiki wanaotoka wanapungua kwa sababu aliyebaki ama ameipenda ama hajaiona.

Katika wale 38 wa Alhamisi ya kwanza, nusu walitokea kwenye ukurasa wa video ya cheni, watatu kwenye ule wa msafara, na waliobaki hawakuandikwa kwa video yoyote. Wapo waliojitoa kwenye orodha bila hata kuifungua video ya cheni. Ilitosha kuona picha yake ya mbele.

Fundi aliposikia hivyo alisema, "Sasa si ndiyo nilikuambia cheni inafukuza?" Swali lake ni la haki, na kumjibu kunahitaji kugawanya vizuri.

Kosa la kawaida ni kuchukua walioingia kutoa waliotoka, kisha kugawanya kwa jumla ya mara video ilivyotazamwa. Lakini asiye mfuasi hawezi kujitoa, na aliye mfuasi tayari hawezi kusabskraibu. Ni makundi mawili tofauti kabisa. Ripoti ya `Subscription status` inatenganisha utazamaji wa kila kundi. Kwa hiyo walioingia wagawanye kwa utazamaji wa wasio wafuasi, na waliotoka kwa utazamaji wa wafuasi. Kwenye jedwali langu, safu ya B ni walioingia, C ni waliotoka, D ni utazamaji wa wasio wafuasi, E ni utazamaji wa wafuasi:

```
=B2/D2*1000
=C2/E2*1000
```

Nilichukua video ya kubadilisha oili, iliyotoka kabla ya msafara, kama mfano wa Alhamisi ya kawaida. Ilitazamwa mara 1,000 na wasio wafuasi, wakaingia 21. Ilitazamwa mara 700 na wafuasi, wakatoka 4, yaani karibu 6 kwa kila elfu.

Video ya cheni: wasio wafuasi 950, wakaingia 19. Hiyo ni 20 kwa kila elfu, sawasawa na oili. Mgeni aliyekuja akitafuta namna ya kubadilisha cheni aliipenda kama tu wageni wa oili walivyopenda ile yao. Kwa wafuasi, ilitazamwa mara 1,150, wakatoka 31. Hiyo ni 27 kwa kila elfu, zaidi ya mara nne ya oili.

Ingekuwa video mbovu, ingewashinda wageni pia. Haikuwashinda. Kilichobadilika ni wafuasi waliokuwa wakiitazama, na wafuasi hao walibadilishwa Jumapili iliyotangulia. Cheni ililipa deni lililokopwa na msafara, na risiti ikaandikwa kwa jina lake.

Msafara wenyewe, kwa kipimo hicho hicho, ulitazamwa mara 58,000 na wasio wafuasi, wakaingia 430, kama 7 kwa kila elfu. Theluthi moja ya uwezo wa video ya oili. Ulishinda kwa wingi wa macho tu. Wafuasi waliutazama mara 3,000, wakatoka 24, yaani 8 kwa kila elfu, juu kidogo tu ya kawaida. Kwa hiyo wateja wetu wa zamani hawakukerwa sana na shangwe, jambo nililokuwa naliogopa. Nadhani wengi wao ni mashabiki wa Gor hata hivyo. Na katika hao 24 huenda wamo waliosabskraibu na kujitoa dakika hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo huhesabiwa pande zote mbili.

Kuna kitu ambacho takwimu hizi hazitakupa kamwe: kumfuata mtu mmoja kutoka siku aliyoingia hadi aliyotoka. Hakuna ripoti itakayosema "huyu aliyejitoa Alhamisi aliletwa na msafara". Nilichonacho ni muda, ukubwa wa mruko, jinsi ulivyopungua wiki hadi wiki, na ule mgawanyo wa makundi mawili. Vyote vinaelekea upande mmoja. Ningekuwa na kimoja tu nisingethubutu kumzuia fundi kufuta video yake. Tena kufuta kusingemsaidia. Waliokwisha kutoka hawarudi kwa sababu video imeondolewa.

Sasa jumla. Walioletwa zaidi ya kawaida 511, toa waliotoka zaidi ya kawaida 147, tunabaki na 364. Skrini ya video ilisema 406. Tofauti si kubwa, lakini imetokea kwa bahati: risiti ilikosea pande zote mbili, ikapunguza walioingia kwa 81 na waliotoka kwa 123, na makosa yakafutana kiasi. Chaneli nyingine yangeweza kuelekea upande mmoja.

Swali lililobaki ni la mwendo. Watu 364 ni mzigo uliopakiwa mara moja, au gari limeongeza kasi? Hili huwezi kulijua kwa siku 28 za kwanza, kwa sababu video yenyewe bado inavuma. Nilisubiri 28 nyingine, msafara uliposhuka hadi kutazamwa mara mia tatu hivi kwa wiki.

Siku 28 za pili: walioingia 271, waliotoka 82, faida 189. Kabla ya msafara faida ilikuwa 196 kwa muda kama huo. Mwendo ulirudi pale pale, na kutoka kuliongezeka kidogo kwa sababu sasa tuna watu wengi wanaoweza kutoka. Ukiichora, mstari unapanda kama ngazi moja kisha unaendelea na mwinuko wake wa zamani. Bila msafara tungekuwa na wafuasi 4,702 kufikia siku ile. Tulikuwa na 5,045. Ukiwarudisha wale 14 wa akaunti zilizofungwa, ngazi ni ya watu 360 hivi.

Utazamaji wa wafuasi kwenye video za Alhamisi ulisema hivyo hivyo. Kabla ya msafara 700, wakati wa cheni 1,150, wiki ya nane 760. Watu 360 wameongezeka kwenye hesabu, na kwenye viti wameongezeka wachache.

Fundi hakuwa ameona chochote kati ya hivi kwa sababu anaangalia namba ya hadharani kwenye ukurasa wa chaneli. Kuanzia wafuasi 1,000 YouTube huonyesha tarakimu tatu tu za mwanzo. Kwake ilikuwa 4.31K, kisha ikapanda hadi 4.85K, halafu 5.04K. Watu 11 wakitoka Alhamisi huku 9 wakiingia, namba ile haitikisiki.

Video ya cheni ipo bado. Tulichobadilisha ni mwisho wa msafara: sekunde za mwisho sasa zinaelekeza kwenye video mpya ya kukagua breki kabla ya msafara, iliyorekodiwa kwa pikipiki yenye bendera ya kijani. Ilitoka wiki ya tisa. Wasio wafuasi waliitazama mara 1,400, wakaingia 34. Wafuasi mara 800, wakatoka 5. Kutoka kumerudi kwenye 6 kwa kila elfu. Sehemu ya utazamaji wake, kwa ripoti ya vyanzo, inatoka `End screens`, yaani kutoka mwisho wa msafara wenyewe.

Fundi ameshaniambia kwamba derby ijayo atarekodi tena, na sitamzuia. Tumekubaliana mambo mawili. Video ya breki itatangulia, ili anayefika kwa shangwe akute kitu cha pikipiki kinachomngoja. Na hata akiamka saa kumi na moja, ile ya shangwe haipakii kabla ya saa nne asubuhi.